Karatasi za Sandukuni

Kama redio yako iko chumbani, msikilizaji, hebu tupia jicho chini ya kitanda au juu ya kabati. Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu Tanzania pana sanduku la bati, au siku hizi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Humo mna kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule, risiti za michango, stakabadhi za kuuzia mazao, hati ya kiwanja, na pengine karatasi ya mkopo ambayo hakuna aliyeifungua tangu siku ilipotiwa sahihi. Mtunzaji wa sanduku hilo mara nyingi ni mama. Ndiye ajuaye limewekwa wapi, na ndiye anayelikimbilia kwanza paa likianza kuvuja. Lakini mamilioni ya akina mama hao hawajui kilichoandikwa katika kile wanachokitunza.

Leo nataka tuzungumzie darasa la kisomo la akina mama, lile ambalo wazee wetu waliliita la ngumbaru. Nililifundisha jioni za wiki kwa miaka kadhaa, na kipimo changu cha darasa ni kimoja tu: je, mama aliyehitimu anaweza kulifungua sanduku lake akajua kilichomo?

Kipimo hicho hakikunijia hivi hivi. Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Mwalimu Nyerere alipoliaga taifa kwa mwaka 1969 alitangaza kuwa 1970 utakuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo, kwa hesabu ya mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Ilipofika 1986 serikali ilitangaza kuwa wamebaki chini ya 10. Ni safari ya chini ya miaka 20. Redio hii unayoisikiliza nayo ilikuwamo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza kwa majuma 12. Mmoja katika kikundi alishika kijitabu akasoma kwa sauti, wenzake wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zinazofuga mbu.

Sasa tuziangalie hesabu hizo kwa karibu. Mitihani ya taifa ya kisomo iliwapanga watu katika hatua nne. Hatua ya kwanza ni ya aliyejiandikisha akahudhuria. Hatua ya pili ni ya aliyeanza kutambua herufi na maneno. Hatua ya tatu ni ya anayeweza kusoma na kuandika sentensi fupi na kufanya hesabu ndogo za kujumlisha na kutoa. Hatua ya nne ni ya anayesoma gazeti, anayeandika barua na kuweka kumbukumbu zake mwenyewe. Waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma ni wa hatua ya tatu na ya nne kwa pamoja. Kati ya hatua hizo mbili pana bonde, na karatasi nyingi za sandukuni zimelala upande wa pili wa bonde hilo. Hati ya mkopo haiandikwi kwa sentensi fupi.

Tuingie darasani. Kiswahili kinamwonea huruma anayeanza kusoma, kwa sababu maneno yetu mengi yanakatika sawasawa, silabi kwa silabi. Mwezeshaji anayejua kazi yake haanzi na a, be, che. Anaanza na neno ambalo mama analitumia kila siku. Mimi nilikuwa naanza na kadi. Kila mama analijua, na kila aliyezaa ana kadi nyumbani. Tunaliandika ubaoni, tunalisoma lote, kisha tunalikata: ka, di. Tunaita jamaa za kila kipande: ka, ke, ki, ko, ku, da, de, di, do, du. Hapo akina mama wanaanza kuunganisha wenyewe. Mmoja anatoa kodi. Mwingine anatoa duka, mwingine kuku, mwingine dada na kaka. Kwa siku moja, kutokana na neno moja, wameshapata maneno sita au saba ambayo hakuna aliyewafundisha. Mtu mzima akishaona kwamba ameunda neno mwenyewe, kesho yake utamkuta amefika darasani kabla yako.

Ugumu unaanza baadaye, na unaanza masikioni. Kanda ya Ziwa, kwa mfano, wengi hutamka dhamana kama zamana. Ukiwaambia waliandike wataanza na z, na wakiliona limeandikwa kwa dh wanaliruka kama neno la kigeni. Vivyo hivyo r na l. Mama anayesema lehani hatalitambua neno rehani likikaa mbele yake, ingawa maana yake anaijua vizuri. Kwa hiyo mwezeshaji inampasa akusanye maneno ya namna hiyo na kuyafundisha moja moja, kwa macho, bila kumcheka mtu kwa lafudhi yake.

Kuna ugumu mwingine ambao ulinichukua muda kuugundua, nao ni wa macho yenyewe. Nilikuwa na akina mama wa miaka 45 na kuendelea ambao walifanya vizuri ubaoni, lakini wakipewa kitabu wanakwama na kusema kichwa kimekuwa kizito, wamezeeka, waachwe waende zao. Nikaamini hivyo, na wawili wakaacha darasa. Siku moja nikamwona mwenzao amekinyoosha kitabu mbali kwa mkono wote, na shingo ameivuta nyuma. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Baada ya miaka 40 jicho la karibu kila mtu huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, hata kama vya mbali linaviona vizuri. Mama huyo huyo atakwambia ana shida kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ile isiyo ghali, baada ya macho kupimwa. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi mpya aliyevuka miaka 40 nampa kwanza uzi na sindano, ndipo nampa kitabu.

Kuhusu hesabu, nisiwafiche, mimi ndiye niliyefundishwa. Mama anayeuza dagaa gulioni anajumlisha kichwani haraka kunishinda. Ukimwanzishia moja na moja ni mbili, unamtukana. Anachokosa ni namba zilizoandikwa, hasa masifuri. Yeye anajua milioni moja ni noti 100 za elfu kumi kumi, lakini hajui milioni moja iliyoandikwa ina masifuri mangapi, wala tofauti ya laki tatu na milioni tatu ikiwa karatasini. Na fedha kubwa za nyumbani, msikilizaji, ziko karatasini.

Nitoe mfano. Si wa nyumba moja. Nimeukusanya kutoka nyumba kadhaa, na hesabu zake nimezirahisisha ili uzifuate ukiwa umekaa.

Baba mmoja anataka kununua pikipiki ya kubeba abiria. Anakwenda kuomba mkopo mahali, anaambiwa alete dhamana. Dhamana aliyonayo ni nyumba wanayoishi. Sasa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo anapewa fomu ampelekee mkewe. Zamani jambo hili lilikwisha kwa dakika moja. Baba anasema, "Mama fulani, weka dole hapa, ni mambo ya pikipiki," wino unapakwa, dole gumba linagandamizwa, na karatasi inaondoka.

Mama huyu yuko darasani mwezi wa saba. Mwanzoni alikuwa amejifunza kuandika jina lake tu, na hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaisemi. Anayejua kuandika jina pekee anaona fahari kutia sahihi, na kwa fahari hiyo hasomi. Dole gumba lilikuwa angalau linamkumbusha kwamba hajui kilichoandikwa. Sahihi inamsahaulisha.

Bahati nzuri darasa lake lilikuwa na desturi moja. Kila Ijumaa, kila mtu anakuja na karatasi moja kutoka sandukuni. Wanaisoma pamoja na kuuliza maswali matano: Imetoka kwa nani? Imeandikwa kwa nani? Inataja fedha kiasi gani? Inataka nini kutoka kwangu? Na la mwisho, nisipotimiza itakuwaje? Mama akasema, "Baba, niachie mpaka kesho jioni niisome." Baba alinung'unika. Alidhani anashukiwa.

Katika kuisoma, mama alikwama kwenye maneno mawili, akayaulizia darasani. Lakini namba alizielewa. Nyumbani alikuwa ameambiwa mkopo ni wa milioni na kitu. Karatasi ilisema 3,000,000. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, ya mkopo wote, kwa miezi 12. Akafanya hesabu katika daftari lake. Asilimia 3 ya milioni 3 ni 90,000. Mara 12 ni 1,080,000. Jumla ya kulipa ni 4,080,000. Gawanya kwa 12, unapata 340,000 kila mwezi.

Sasa akamwita mumewe wakakaa. Wakauliza, pikipiki italeta kiasi gani? Kijana atakayeiendesha ataleta 8,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hiyo ni 208,000. Mkopo unadai 340,000. Kila mwezi pangekuwa na pengo la 132,000 la kuziba kutoka shambani, na ndani ya mwaka shamba linaleta fedha mara moja tu, wakati wa mavuno. Kwa maneno mengine, nyumba ingeanza kudaiwa mwezi wa kwanza.

Sikiliza walivyoamua, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu akina mama waliosoma. Mama hakukataa pikipiki. Walikubaliana kutafuta pikipiki iliyokwisha tumika, wakakopa 1,500,000. Riba yake kwa mwaka ni 540,000, jumla 2,040,000, yaani 170,000 kwa mwezi. Kati ya zile 208,000 zinabaki 38,000 za oili na matengenezo. Ni nyembamba, lakini inapita. Baba alipata alichokitaka, na fomu ilitiwa sahihi na mtu aliyejua anachokiridhia.

Wataalamu wanapenda kusema kisomo kinampa mwanamke sauti. Mimi nilichokiona ni kidogo kuliko hicho, ila unaweza kukishika mkononi: uamuzi ulichelewa siku moja. Hapo awali ulikuwa unaletwa mezani ukiwa umeshaiva, unabaki kuupakulia tu. Sasa pana siku moja ya kusoma, na siku hiyo inatosha watu wawili kufanya hesabu moja.

Si kila nyumba inakwenda hivyo. Nimemwona mama aliyesoma fomu, akaielewa, na bado akatia sahihi kwa kuogopa kufukuzwa. Nimemwona mwingine ambaye mumewe, baada ya kujua mkewe anasoma, alihamishia karatasi zote kwa ndugu yake. Herufi hazivunji kufuli. Lakini hata huyo wa pili alijua sasa kwamba karatasi zimehama, akamweleza mjomba wa mumewe, na shauri likakaliwa na wazee. Asiyejua kilichomo hawezi kulalamika kwamba kimetolewa.

Tuachane na fedha, tuje kwenye jambo dogo zaidi, la nani anamsomea nani. Mama asiyejua kusoma anaishi kwa msomaji wa kuazima, na mara nyingi msomaji huyo ni mtoto wake wa darasa la tano. Mtoto ndiye anayesoma majibu ya vipimo vya hospitali. Mtoto ndiye anayesoma ujumbe wa simu wa shangazi anayeomba fedha kwa siri. Mtoto, au wakala wa dukani, ndiye anayejua namba ya siri ya fedha za simu. Mama mmoja alinieleza kwamba sababu iliyomleta darasani haikuwa biashara wala Biblia. Alikuwa amepewa karatasi kliniki, akampa mwanawe wa kiume amsomee, na mtoto alipofika mahali fulani alinyamaza, akatazama chini, akasema, "Mama, hapa sijui." Alikuwa anajua. Mama akasema moyoni, sitamvisha tena mtoto nguo isiyo saizi yake.

Tangu siku hiyo kadi ya mtoto ikawa kitabu chake. Ile kadi ina chati ya uzito, na kila mwezi muuguzi anaweka nukta. Nukta zikipanda, mtoto anakua. Zikilala au kushuka, kuna jambo, hata kama mtoto anacheza. Mama asiyejua kusoma anasubiri aambiwe. Anayejua anaiona nukta imelala kabla hajaondoka kwenye benchi, anauliza pale pale, na akirudi nyumbani ana kitu cha kumwonyesha baba wanapopanga kama wakiuza mahindi wabakize fedha ya maziwa na mayai au vipi.

Sasa tutoke nje ya nyumba, twende mkutanoni. Nenda kwenye vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mara nyingi utakuta wanachama wote 25 ni wanawake, mwenyekiti ni mwanamke, ila anayeshika daftari ni kijana wa kiume aliyemaliza darasa la saba. Yeye hana hisa kubwa wala haongozi kikao. Lakini hisa zikibishaniwa, neno la mwisho ni la daftari, na daftari ni lake. Kikundi kikitaka ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ambao sheria imetenga 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kinatakiwa kuwa na katiba na mihtasari ya vikao. Mwandishi wa mihtasari hiyo ndiye anayeamua kikao kilisema nini.

Kijijini ni vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa nazo zinamtaka mgombea awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo kanuni ya pili inawachuja wengi kabla hata kampeni haijaanza. Na aliyepita, akakaa kwenye kiti, bado ana kazi moja. Kila kikao huanza kwa kusomwa muhtasari wa kikao kilichopita ili wajumbe wauthibitishe. Mjumbe asiyesoma anathibitisha alichosikia. Lakini kilichosomwa kwa sauti na kilichoandikwa kitabuni si lazima viwe kitu kimoja.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, alipochaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chake, alifanya jambo dogo. Muhtasari ulipokwisha kusomwa, aliinua mkono akasema, "Naomba nikione hicho kitabu." Akakisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na watu wakamsubiri huku wengine wakiguna. Safari hiyo hakukuta kosa lolote. Ila kikao kilichofuata mtendaji alikuja na muhtasari ulioandikwa kwa mwandiko mkubwa, unaosomeka.

Nimalizie kwa linaloharibika. Kusoma kunasahaulika. Mtu aliyefika hatua ya tatu akakaa miaka miwili bila kusoma chochote, anarudi karibu alikotoka. Miaka ya 1970 hili lilifahamika, ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya kuwafuata wanakisomo, kama lile la Kanda ya Ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Gazeti likikoma kufika, maktaba ikifungwa, na mwezeshaji wa kujitolea akichoka kusubiri posho, cheti kinabaki sandukuni pamoja na karatasi nyingine, na mwenyewe hawezi tena kukisoma.

Basi kama una mama, shangazi au jirani aliyehitimu kisomo, usimpime kwa kumwambia aandike jina lake. Ataliandika, na wewe utadanganyika. Usimpe hata kitabu alichofundishiwa, kwa sababu kurasa zake amezikariri. Toa karatasi ambayo hajawahi kuiona: risiti ya dukani, tangazo la mkutano, maelezo ya dawa. Umwulize yale maswali matano. Akijibu matatu, huyo anahitaji mazoezi tu na karatasi za kutosha. Akikosa yote, usimwambie kichwa chake kizito. Mpe kwanza uzi na sindano.